Nitakesha, We Ulale: Shairi kwa Mdogo Wangu Mzazi

Shairi la kwanza nililomwandikia mdogo wangu alipojifungua lilimliza, na halikumliza kwa furaha. Nililisoma mbele yake siku ya kumi na mbili tangu azae mtoto wake wa kwanza, katika nyumba ya mumewe, kijiji kimoja cha bonde la Mbwemkuru upande wa Ruangwa. Nilikuwa nimelitunga njiani, nikitoka kwangu Nachingwea nikiwa juu ya bodaboda, na nikalinakili vizuri kwenye karatasi ya daftari. Nilidhani nimembebea zawadi. Ubeti wake wa mwanzo ulikuwa huu:

Simba jike husimama, hata kama amechoka,
Nawe umekuwa mama, usije ukaanguka,
Jikaze kwa taadhima, machozi kuyafunika,
Mama ni nguzo ya nyumba, na nguzo haitochoka.

Mizani ilikuwa sawa, kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane. Vina havikupinda. Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho, mtoto akiwa kifuani, kisha machozi yakamtoka. Akasema, “Dada, nguzo hailali. Mimi nataka kulala.”

Sikuwa na jibu. Nimeamua kuyaandika yaliyofuata kwa sababu naamini wako dada na mashangazi wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu ambao, kama mimi, humwendea mzazi wakiwa na maneno mazuri mdomoni, na maneno hayo hugeuka kuwa mzigo wa pili juu ya ule alionao.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho. Mwenye kuijua nchi yetu ya kusini anajua maana yake. Korosho zikianza kudondoka hazimngoji mtu. Shemeji yangu alikuwa akiondoka baada ya swala ya Alfajiri na kurudi Magharibi. Mama mkwe na mawifi nao walikuwa chini ya mikorosho wakiokota na kutenganisha korosho na mabibo. Mto ulikuwa umekauka, na maji yalipatikana kwa kufukua mchanga na kusubiri yajichuje taratibu ndani ya shimo. Kwetu, mimba ya kwanza binti huenda kujifungulia kwa mama yake, akalelewa hadi arubaini. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki, Allah (s.w.) amrehemu. Kwa hiyo mdogo wangu alibaki pale alipoolewa, na kuanzia asubuhi hadi jioni alikuwa peke yake na mwanawe.

Siku ile ya shairi, baada ya kulia, aliniambia jambo alilokuwa amemficha kila mtu. Siku tatu kabla sijafika, alasiri, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko akinyonyesha huku akingoja uji uchemke. Usingizi ukamchukua akiwa ameketi vilevile. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameteleza mapajani na kulala juu ya mkeka, analia. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini jiko la mafiga matatu lilikuwa hatua moja tu upande wa pili. “Tangu siku hiyo,” akasema, “nikisinzia najipiga kofi. Mimi si mama, dada. Mama gani anamwangusha mwanawe?”

Na mimi nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba nguzo haichoki.

Usiku ule sikuandika kitu. Kabla ya shairi kulikuwa na swali lililonitisha zaidi: je, huu ni uchovu, au ni maradhi? Asubuhi nilimpeleka zahanati, kwani hudhurio lake lilikuwa limekaribia. Muuguzi alimpima joto na shinikizo la damu, akamtazama viganja na upande wa ndani wa kope za chini kama damu imepungua, akamuuliza kuhusu damu ya uzazi, ikiwa inapungua siku hata siku au inaongezeka, na ikiwa ina harufu mbaya. Kisha akamuuliza kuhusu machozi.

Alitueleza kwa upole kwamba wazazi wengi huanza kulia bila sababu kuanzia kama siku ya tatu hivi, na kwa kawaida hali hiyo hutulia ndani ya wiki mbili. Akaniambia mimi niliye pembeni nitazame mambo machache. Ikiwa huzuni itapita wiki hizo mbili bila kupungua, ikiwa usingizi utamkataa hata mtoto anapolala na kuna mtu wa kumshika, ikiwa hamtaki mtoto, au ikiwa atasema heri asingekuwapo, basi nisimpe nasaha, nimlete. Vilevile nimlete mara moja akipata homa, akitokwa na damu nyingi ya kulowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, akiumwa na kichwa kikali huku macho yakiona ukungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Mdogo wangu hakuwa na lolote katika hayo. Alipoegemea begani kwangu kwenye benchi la zahanati, alilala kabla sijamaliza kumfunga mtoto kanga. Usingizi haukumkataa. Ulikuwa umenyimwa nafasi.

Niliporudi nyumbani nilitaka kujua ni nafasi kiasi gani. Nikaweka bakuli tupu kando ya kitanda na rundo la korosho ghafi, na kila mtoto alipoamka kunyonya nikatia korosho moja. Kutoka Magharibi hadi Magharibi ya pili zilikuwa kumi na moja. Si ajabu wala si ugonjwa, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana. Lakini kila korosho ilikuwa na karibu nusu saa ya kunyonya, kisha kumcheulisha, kumbadilisha nepi, kumbembeleza. Kipande kirefu kabisa cha usingizi alichokipata mama yake katika muda huo wote hakikufika saa mbili. Nilimwonyesha shemeji lile bakuli. Akalitazama kwa muda, akaitikisa korosho moja kiganjani kama anayeipima uzito, asiseme neno.

Usiku wa pili niliufungua msahafu nikasoma Suratu Maryam. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, ila sikuwahi kuisoma nikiwa chumbani kwa mzazi. Katika aya ya 23 uchungu unampeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende, naye anatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Huyu ndiye mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Nikangoja kuona atakemewa vipi kwa kauli hiyo, na hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litue. Kisha, katika aya ya 26, akapewa na ruhusa ya kutozungumza na mtu siku ile.

Nilikaa na aya hizo muda mrefu. Maji, chakula, utulivu, na kuondolewa wajibu wa kuwajibu watu. Nikakumbuka kwamba siku ya saba, siku ya akika, mdogo wangu aliketishwa wima tangu asubuhi hadi jioni akipokea wageni na kujibu maswali yaleyale: maziwa yanatoka? mbona umekonda? mtoto kafanana na nani? Na katika Suratu Luqman, aya ya 14, Allah (s.w.) anautaja udhaifu juu ya udhaifu ambao mama humbebea mwanawe. Hakuuficha udhaifu huo wala hakuuita aibu. Ni mimi niliyetaka uwekewe kifuniko.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera moyo. Kila adhana ilipotoka, jicho lake lilikwenda kwenye mswala uliokunjwa juu ya sanduku. Alihisi kama ametolewa msikitini. Nilimkumbusha tulichofundishwa madrasa: mwenye nifasi hasali wala halipi swala hizo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, muda wa kawaida wa nifasi ni siku 40 na mwisho wake ni siku 60, ila damu ikikatika mapema hungoji arubaini, unakoga na kusali. Na katika muda wote huo dua, tasbihi na kumswalia Mtume (s.a.w) havikukatazwa. Ameondolewa rakaa, hakuondolewa mlangoni kwa Mola wake.

Ndipo nikachukua karatasi tena. Katika fasihi yetu, mwanamke kumwandikia mwanamke si jambo geni. Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Lakini ule ni usia, na mdogo wangu alikuwa ameshausiwa na kila aliyepita mlangoni. Nikajiwekea sharti kwamba shairi langu lisiwe na amri hata moja isipokuwa ile ya kulala, na kila nitakaloahidi ndani yake liwe limekwisha kufanyika kabla sijalisoma. Nikiandika kuni, kuni ziwe zimekatwa. Nikiandika maji, mtungi uwe umejaa.

Nikabadili na umbo. Mshororo wa mizani kumi na sita unamtaka msikilizaji akumbuke nusu ya kwanza anapoingia nusu ya pili, na mtu aliyelala saa mbili hawezi kazi hiyo. Nikachagua mwendo wa utenzi, mizani nane tu kwa mshororo, mistari mitatu ya kina kimoja na wa nne unaorudi kwenye kina cha beti zote. Nilichagua kina hicho kiwe “le”, ili mwisho wa kila ubeti usogee karibu na neno ninalolitaka: ulale. Niliyahesabu mizani kwa vidole juu ya mgongo wa mtoto, nikimpigapiga apate kucheua, na yeye akanisaidia kwa kuniharibia hesabu mara nyingi.

Siku nzima nilifanya kazi ya shairi kabla ya shairi. Nilikwenda mtoni na ndoo alfajiri, kabla foleni ya mashimoni haijawa ndefu. Nilitwanga mtama na karanga za uji. Nilizungumza na shemeji, naye akakubali kwamba baada ya Isha atakuwa akimchukua mtoto kila anapomaliza kunyonya, amrudishe tu anapoona njaa, na kwamba wageni waombwe waje baada ya Alasiri, wasikae. Mama mkwe alikuwa kimya katika mazungumzo yale. Mwishowe akasema, bila ukali, “Mimi nilirudi shamba siku ya ishirini. Hakuna aliyenisomea shairi.”

Nilimwambia, “Shikamoo mama. Najua. Na wewe ulistahili.” Akaitikia marahaba, akageuza uso.

Usiku, baada ya mtoto kunyonya, nilimpokea, nikakaa chini ya kitanda, nikamsomea mama yake haya:

Mdogo wangu sikia,
mlangoni naingia,
sikuja kukuusia,
nimekujia ulale.

Mtoto nampakata,
kanga yako nimepata,
mto nimeukung’uta,
weka kichwa chako pale.

Uji u moto jikoni,
mtama, karanga ndani,
maji yamo mtungini,
kuni nimekata tele.

Kama chozi lakujia,
liache, litatulia,
si kosa mama kulia,
hata Mariamu yule.

Mtendeni alikaa,
uchungu ukamjaa,
hakuambiwa: shujaa,
kaambiwa anywe, ale.

Ukiuona mswala,
usidhani umelala,
Mola kakupa muhula,
dhikiri ni zilezile.

Nimekuona gizani,
mara kumi kitandani,
mwana yuko kifuani,
bila neno na kelele.

Fahari yangu ni hiyo,
yakaa ndani ya moyo,
naitoa bila choyo,
leo, kesho na milele.

Mbwemkuru kiangazi,
mchanga hubaki wazi,
maji hayakomi kazi,
yamo chini vilevile.

Zako nguvu zikizama,
usidhani zimekoma,
pumzika sasa mama,
nitakesha, we ulale.

Sijui aliyasikia kiasi gani. Nilipofika kwenye ubeti wa Bi Maryam alikuwa akinitazama. Nilipofika kwenye mswala, macho yalikuwa yamefumba. Beti nne za mwisho, zile nilizozihangaikia kuliko zote, pamoja na ile ya mto wetu, nilizisomea ukuta na mtoto. Alilala saa tatu na nusu mfululizo, mara ya kwanza tangu ajifungue. Mtoto alipoanza kugeuza kichwa na kutafuta ziwa nilimlaza ubavuni mwa mama yake, akanyonya, nikakaa macho pembeni yao hadi aliposhiba, kisha nikamchukua tena. Ndani ya bakuli korosho hazikupungua, kwani mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba baina ya korosho na korosho mama alilala, badala ya kuamka na kukaa akijipiga makofi.

Alfajiri nilipotoka nje na ndoo niliikuta ndoo nyingine imeshatangulia. Mama mkwe alikuwa ameshika njia ya mtoni, kanga yake ya pili imekunjwa kata kichwani. Hakusema alisikia nini usiku ule kupitia ukuta wa udongo, nami sikumuuliza. Tangu siku hiyo hadi niliporejea Nachingwea, hakuenda kwenye mikorosho kabla hajaujaza mtungi wa chumba cha mzazi.

Nilibaki siku tisa. Machozi yalipungua mpaka yakaisha, kama muuguzi alivyotarajia, nami nilitazama kila siku yale niliyoagizwa kuyatazama. Siku ya arubaini nilirudi na wanafamilia wengine. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kukoga na kusali, mswala wake umetandikwa, mtoto amenona mashavu. Watu walipokuwa wakila pilau alinivuta kando, akaniuliza: “Dada, lile shairi linaishaje?”

Nikamsomea beti za mwisho, zile alizokuwa amezilalia. Kwenye ubeti wa Mbwemkuru alicheka kidogo, akasema maji yale yamemvunja mgongo mama mkwe wake mwezi mzima. Kisha akaniomba karatasi. Aliikunja, akaitia ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, mahali asipoweza kuisahau. Karatasi ya shairi la kwanza, lile la simba na nguzo, niliiuliza iko wapi. Akasema aliwashia moto wa uji.